Miezi Kumi na Minane

Aliyesafiri kwa basi kutoka Kahama kwenda Ngara mwanzoni mwa miaka ya 2000 anaikumbuka Nyakanazi kwa kusubiri. Basi lilifika, likaegeshwa nyuma ya malori, na abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma na chai. Halikuondoka mpaka magari yatimie na polisi wenye bunduki wapande, wawili au watatu, wakae karibu na dereva. Kisha msafara ulianza pamoja kupita Lusahunga na pori la Biharamulo, kuelekea Benaco. Katika pori hilo majambazi waliwahi kuweka magogo barabarani, na wengi wao walishika silaha za kivita, siyo magobole. Nilikuwa mwalimu kijana, na kila nilipopita pale nilishika begi langu mapajani kama vile begi ndilo lingenilinda.

Silaha hizo zilikuwa na historia ndefu, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka. Burundi iliingia vitani baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Rwanda ikaangamia mwaka uliofuata, na wilaya ya Ngara ikapokea wakimbizi kutoka pande zote mbili. Bunduki ni chombo kinachodumu kuliko ugomvi ulioileta. Kwa hiyo swali ambalo wakazi wa Ngara na Biharamulo waliishi nalo bila kulitamka lilikuwa hili: wale vijana walioshika bunduki huko ng'ambo wakiambiwa vita vimekwisha, watakula nini?

Swali lenyewe ni la zamani sana. Kaisari Augusto wa Rumi, mwaka wa 6 baada ya Kristo, alianzisha mfuko maalumu wa wanajeshi wastaafu na kuujaza kwa kodi ya asilimia 5 ya mali za urithi. Askari wa kawaida aliyemaliza utumishi alipewa sestersi 12,000. Kabla ya hapo majemadari waliwapa askari wao mashamba, na mara nyingi mashamba hayo walinyang'anywa watu waliokuwa wakiyalima. Augusto alikuwa amekwisha kuona kwamba ardhi ya zawadi huzaa maadui wapya, ndipo akageukia fedha taslimu. Chaguo hilo, fedha au ardhi, ndilo lililowakabili Warundi miaka elfu mbili baadaye, isipokuwa wao hawakuwa na ardhi ya kutosha hata ya kufikiria.

Mapatano yao yalifanyika kwetu. Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akaendelea, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Vikundi vikubwa vyenye silaha havikuwemo. Kilichokuwa na nguvu kuliko vyote, CNDD-FDD cha Pierre Nkurunziza, kilikubali mapatano kamili jijini Dar es Salaam mwezi Novemba 2003. Jeshi jipya lilipangwa kuwa nusu Wahutu na nusu Watutsi, na wapiganaji wa msituni wakapewa asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Waliobaki nje ya jeshi jipya walipaswa kurudi uraiani. Shughuli ya kuwarudisha ilianza Desemba 2004, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Mipango ya mwanzo ilitaja watu 55,000. Walioachiliwa hatimaye walikuwa kama 26,000.

Yafaa tufuate njia ya mpiganaji mmoja ndani ya mpango huo, kwa sababu kila hatua ilikuwa na sababu yake. Kwanza alikwenda na wenzake kwenye kambi ya makusanyiko, na hapo bunduki ikachukuliwa. Kisha akahakikiwa: je, jina lake limo kwenye orodha iliyotolewa na kamanda wake, na je, anaweza kueleza alipigana wapi, chini ya nani, na bunduki ya aina fulani hufunguliwaje? Akishapita, alipelekwa kwenye kituo cha kuvunja vikosi, akakaa siku chache, akapimwa afya, akaelezwa maisha ya uraiani yatakuwaje, akapewa kitambulisho. Siku hiyo alikoma kuwa mpiganaji na akawa raia mwenye karatasi.

Karatasi hiyo ilimpa haki ya kiinua mgongo. Kilikuwa sawa na mishahara ya miezi 18 kulingana na cheo, na kiwango cha chini kabisa kilikuwa faranga 515,000 za Burundi, karibu dola 500 kwa thamani ya wakati ule. Ukigawa kwa 18, unapata kama faranga 28,600 kwa mwezi. Fedha hiyo haikutolewa siku moja. Ililipwa kwa awamu katika muda wa miezi kama 10, tena kupitia benki zilizo karibu na mahali alikosema anakwenda kuishi. Mpangilio huo ndio uliokuwa akili yenyewe ya mpango. Mtu anayesubiri awamu ya tatu haondoki kijijini. Harudi kwa kamanda wake, kwa sababu kamanda hana tena cha kumpa, na benki inacho. Kila mwezi anaoamka nyumbani ni mwezi ambao majirani wanamzoea na kikosi chake kinazidi kutawanyika.

Kwa maana hiyo fedha ilifanya kazi. Ninalisema bila kusita, kwa sababu wapo wanaodharau mipango ya namna hii wakiona ni kuwahonga wauaji. Miezi 18 ya mshahara haikumlipa mtu kwa haki alichokifanya wala alichofanyiwa, lakini ilivunja vikosi, na vikosi vilivyovunjika haviungani upya kwa urahisi. Burundi ilifanya uchaguzi mwaka 2005, na wapinzani waliokuwa wamepigana miaka kumi wakahesabiana kura.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye orodha. Popote panapotolewa kiinua mgongo, swali la nani ni mpiganaji huwa swali la fedha, na kamanda anayeandika majina huwa mfadhili. Jambo hili lilionekana waziwazi kwa FNL, kundi la mwisho kuingia katika mapatano. Lilisaini Dar es Salaam Septemba 2006, lakini halikuweka silaha chini mpaka 2009. Lilipoleta majina, yalikuwa kama 21,000, idadi iliyozidi mno makadirio ya wapiganaji wake. Wasuluhishi walijua kwamba wengi walikuwa vijana walioandikishwa siku za mwisho kwa ahadi ya posho. Lakini kuwafukuza watu elfu kumi waliokwisha kusimama kwenye mstari ni hatari kuliko kuwalipa. Basi wakatafuta njia ya katikati. Watu 3,500 waliingizwa jeshini na polisi, 5,000 wakapewa haki za wapiganaji wa zamani, na zaidi ya 10,000 wakaitwa watu wazima waliofuatana na kundi, wakapewa posho ndogo ya kurudia nyumbani. Jina hilo refu halikuwa na maana yoyote kwa kijana aliyepewa. Alijua tu kwamba mwenzake amepata zaidi.

Hata upande wa serikali orodha iliacha kidonda. Wakati wa vita serikali iliwapa silaha vijana wa vijijini, wakaitwa walinzi wa amani, mgambo kwa lugha yetu. Wengi hawakuwahi kulipwa mshahara. Vita vilipokwisha walipewa faranga 100,000 kwa mkupuo mmoja, yaani chini ya robo ya alichopata adui yao wa jana aliyekuwa msituni. Wakaandamana. Hapo ndipo mtu anapoweza kujua kama malipo yanaleta amani au yanaichimba: asikilize waliolipwa kidogo, na zaidi ya hao asikilize ambao hawakuandikwa. Hao ndio wanaoijua njia ya kurudi porini, na hakuna awamu inayowasubiri benki.

Baada ya kiinua mgongo ilikuja sehemu ya pili, na hii haikuwa fedha. Ilikuwa msaada wa kujitegemea wenye thamani ya kama faranga 600,000, uliotolewa kwa vitu. Mpiganaji wa zamani aliulizwa anataka nini: kurudi shule, kujifunza ufundi, kurejea kazi aliyoiacha, au biashara ndogo. Idadi kubwa sana walichagua biashara ndogo. Wakapewa bidhaa: maharage, mawese, mchele, wakati mwingine vinywaji. Kwa nini vitu na siyo noti? Waliopanga waliogopa fedha taslimu ingeishia baa. Hofu hiyo ilieleweka, lakini matokeo yake nilikuja kuyaona soko la Kabanga, upande wetu wa mpaka, kwa mtu mmoja aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba.

Alikuwa wa rika langu. Kihangaza chetu na Kirundi chake vinasikilizana, hivyo hatukuhitaji mkalimani, ingawa alipenda kuchanganya Kiswahili alichojifunza kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole. Aliponitolea kitambulisho chake cha kuachiliwa kilikuwa ndani ya nailoni, kimekunjwa mara mbili, kingo zake zimechakaa kama noti ya zamani. Nikamuuliza ile biashara aliyopewa iliishia wapi.

"Mwalimu," akasema, "siku ile tulipewa watu wengi, wote maharage, wote mawese. Gari likatushushia magunia na madumu barabarani. Sasa niambie, nyumba yangu ni ya udongo, vyumba viwili, mke na watoto watatu. Nitayalaza wapi?"

"Ukayauza?"

"Wiki hiyohiyo. Na mnunuzi alikuwepo palepale gari liliposhusha. Alijua hatuna pa kuweka."

Tufanye hesabu kwa mfano tu, ili tuone mtego uliokuwemo. Tuseme mzabuni amehesabu gunia moja la maharage kwa faranga 50,000. Kwa 600,000 mtu anapata magunia 12, zaidi ya tani moja. Sasa watu hamsini wa tarafa moja wanapokea magunia 12 kila mmoja katika wiki moja. Hayo ni magunia 600 kwenye soko lililozoea kuuza ishirini. Mnunuzi akitoa 35,000 kwa gunia, muuzaji anaondoka na 420,000. Amepoteza 180,000, ambazo ni mshahara wake wa zaidi ya miezi sita. Hakuiba mtu, wala hakulewa. Mpango wenyewe uliwageuza wote wawe wauzaji wa bidhaa moja siku moja, na mwenye ghala ndiye aliyepata faida. Wangewapa bidhaa tofauti, au kwa vipindi, au noti, hasara hiyo isingetokea. Kinachosikitisha ni kwamba waliopanga malipo kwa awamu, kwa busara niliyoieleza, ndio hao waliosahau busara yao walipofika kwenye magunia.

Lakini alichokililia mtu yule wa Kabanga hakikuwa maharage. Alikuwa amerudi nyumbani mkoani Muyinga akakuta shamba la baba limegawanywa kwa kaka zake wawili. Miaka aliyokuwa msituni walimhesabu amekufa. Burundi familia nyingi zina kama nusu hekta, na nusu hekta ikigawanywa mara tatu haibaki hata migomba ya kutosha kumlisha mtoto mmoja. Mpango wa kurudi uraiani haukuwa na ardhi ya kumpa. Ulimpa mtaji wa biashara na kumwachia familia yake swali la shamba.

Na swali hilo halikuwa lake peke yake, kwa sababu wakati huohuo Ngara ilikuwa inarudisha watu. Kambi ya Lukole iliyohifadhi Warundi tangu miaka ya tisini ilifungwa 2008. Wengine waliokuwa Tanzania tangu mauaji ya 1972 nao walirudi, na waliporudi walikuta ardhi zao zinalimwa na watu waliogawiwa na serikali za wakati ule. Burundi iliunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006 kusuluhisha kesi hizo. Vilijengwa pia vijiji vya amani kwa wasio na pa kurudi. Hebu fikiria hali ilivyokuwa mlimani: mkimbizi aliyerudi na hati ndani ya mfuko wa nailoni, askari aliyerudi na kitambulisho cha nailoni, na jirani aliyelima miaka thelathini bila karatasi yoyote. Wote watatu wanaelekeza kidole kwenye migomba ileile.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi ardhi haikutumika kama zawadi. Jibu liko ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda. Mwaka 1997 serikali ya Kigali ilikata zaidi ya nusu ya Hifadhi ya Akagera ili iwapatie ardhi wakimbizi wa zamani waliorudi na ng'ombe wao baada ya ushindi wa RPF. Lakini katika eneo la Mutara watu wenye nguvu, maofisa wa jeshi wakiwemo, walijipatia mashamba makubwa ya mifugo, huku raia wa kawaida wakibanana pembezoni. Ilifika mahali mwaka 2008 serikali yenyewe ikaunda kamati, chini ya jenerali, kuyakata upya mashamba hayo na kuyagawa. Wafugaji waliokosa malisho walikuwa na mto wa kuvuka, na upande wa pili ni Karagwe na Ngara. Ardhi anayopewa mshindi hailipwi na hazina. Inalipwa na mtu aliyekuwa juu yake, na mtu huyo huhama.

Sisi Watanzania tusijione nje ya habari hii. Mwaka 1978, Idi Amin alipoingia Kagera, jeshi letu lilikuzwa haraka kwa kuwaita mgambo, maelfu kwa maelfu ya wakulima waliojifunza kufyatua risasi vijijini. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 na vita kwisha, wengi wao waliachiliwa wakarudi kwenye majembe. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera kwa heshima ya vita hivyo, na pale Kaboya wilayani Muleba wamelala mashujaa zaidi ya 600. Heshima ya waliokufa tuliitunza vizuri. Waliorudi hai wakiwa mgambo hawakuwa na pensheni ya mwanajeshi wa kudumu, kwa kuwa utumishi wao ulikuwa mfupi. Na siyo silaha zote zilizorudi ghalani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini uhalifu wa bunduki na wizi wa ng'ombe ulikithiri kusini mwa ziwa, ndipo wananchi wa Kahama na Shinyanga, majirani wa Biharamulo, wakaunda sungusungu kujilinda wenyewe kwa mishale na marungu. Serikali iliitambua kisheria mwaka 1989. Wazee wa Biharamulo niliozungumza nao hawawalaumu mgambo wa vita, na mimi pia siwalaumu. Wengi walirudi wakalima kwa heshima bila kudai kitu. Lakini ukiisoma historia yetu kando ya ile ya Burundi unaona tofauti ya miezi 18: kule palikuwa na awamu iliyomfanya mtu asubiri nyumbani.

Burundi yenyewe haikubaki salama. Aprili 2015, Rais Nkurunziza alipotangaza kugombea muhula wa tatu, mji mkuu uliwaka, na katika vijana wa chama tawala walioogopwa mitaani walikuwamo wapiganaji wa zamani wa msituni. Wakimbizi walivuka tena, safari hii wengi wakapelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Hata hivyo vikosi vya zamani havikurudi kama vilivyokuwa. Kilichorudi ni watu mmojammoja wasio na shamba, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kuajiriwa na yeyote mwenye posho.

Mtu wangu wa Kabanga hakuajiriwa na mwenye posho yeyote. Siku nilipomuona mara ya mwisho alikuwa ameacha viatu. Alikuwa akivuka asubuhi kulima vibarua kwenye migomba ya watu wa Ngara, na jioni anarudi. Nyumbani Muyinga amekodi kwa kaka yake mkubwa kipande cha shamba, kwenye ardhi ya baba yao wote. Nilimuuliza kodi ni kiasi gani.

"Gunia moja la maharage kila msimu," akanijibu, akakirudisha kitambulisho mfukoni.